Namba ya malipo ikae ndani ya picha, si pembeni mwake

Ninauza asali hapa Tabora, na wateja wangu wengi wako mikoa mingine, hivyo huagiza baada ya kuona video fupi ninazopiga nikiichuja na kuifungasha. Zamani niliweka namba ya simu na Lipa Namba kwenye mkanda mweupe chini ya video. Siku moja mama mmoja alinipigia kutoka Dodoma akiulizia ndoo ya lita 20 aliyokwisha kuilipia, nami sikuwa nimepokea hata shilingi. Aliponitumia video aliyoiona, nilikuta mikono ni yangu na asali ni yangu, lakini mkanda wa chini ulikuwa umekatwa na mwingine kubandikwa, wenye namba nisiyoijua.

Sasa jina la biashara na namba nimeviandika kwa rangi kwenye ndoo yenyewe na kwenye ubao ulio nyuma ya meza, mahali ambapo mikono yangu hupita mbele yake ninapomimina. Anayetaka kuyafunika maandishi hayo hulazimika kuifunika pia asali anayotaka kuitumia kama chambo. Ubao huo usikae chini kabisa wala ukingoni kulia, kwa sababu kwenye TikTok sehemu hizo hufunikwa na maelezo na vitufe, na mteja asiyeweza kuisoma namba huenda kuiuliza kwenye maoni, ambako matapeli ndiko wanakomsubiri.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba yule mama aliliona jina la mtu asiyemfahamu kabla ya kuweka namba ya siri, akadhani ni mhasibu wangu, kwa kuwa sikuwahi kumwambia atarajie jina gani. Ndiyo maana kando ya Lipa Namba ninaandika jina lile lile, herufi kwa herufi, litakalotokea kwenye simu ya mlipaji, kisha ninalitamka kwa sauti huku nikimimina: likitokea jina jingine, sitisha malipo, unipigie. Tapeli anaweza kubadilisha maandishi, lakini sauti itampinga. Akiiondoa na kuweka muziki, wateja wangu wa zamani hushtuka, maana hawajawahi kuona video yangu isiyo na maneno.

Hata hivyo, mtu anaweza kusajili jina linalofanana na langu, na mteja mgeni hawezi kuitambua sauti yangu. Kwa mgeni ninaomba anipigie kwanza kwa namba iliyo kwenye ndoo, na ujumbe wowote wa kitapeli anaoupokea autume kwenda 15040.

Video zangu za zamani zenye namba niliyoacha kuitumia nimezifuta zote, kwa sababu zilikuwa zikimpa tapeli nafasi ya kumwambia mteja kwamba namba yetu imebadilika tena.