Kwa nini mwenzetu halipwi akiba yote sasa

"Mweka hazina, dada yetu alichanga milioni 3 na anataka kujitoa. Kwa nini asirudishiwe milioni 3 zake?"

Ndugu wanachama, fedha zake hazikukaa sandukuni. Tuko 20, kila mmoja alichanga shilingi milioni 3, jumla milioni 60. Milioni 50 tulinunulia hisa, 10 zikabaki benki. Bei zimeshuka, na hisa zile leo zina thamani ya milioni 30. Mali yote ni milioni 40, kwa hiyo fungu la kila mmoja ni milioni 2, lake na langu pia. Tukimpa 3, zinabaki 37 kwa watu 19, na kila aliyebaki anapoteza kama shilingi 52,600 kumlipia hasara yake. Hilo siwezi kulitia sahihi.

Hata hizo milioni 2 sitaki kuzitoa kwa mkupuo. Benki imo akiba ya dharura, na Soko la Hisa la Uganda wanunuzi ni wachache. Ukiuza kwa haraka unalazimika kushusha bei zaidi, na dalali bado anadai kamisheni yake. Hasara hiyo ingetuangukia sote.

Napendekeza apokee milioni 1 sasa kutoka benki. Nusu ya fungu lake ibaki, tuuze hisa kidogo kidogo, naye alipwe kwa thamani ya siku ya malipo, iwe imepanda au imeshuka. Najua ana ada za watoto, ndiyo maana naomba hiyo milioni 1 ipitishwe wiki hii.