Chupa ya mtoto inanuka hata baada ya kuchemshwa? Yalinikuta

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Wete kaniletea ujumbe: "Dada, chupa tatu za mwanangu nazichemsha kila jioni dakika 20 nzima. Asubuhi nikifungua nanusa maziwa yaliyochacha, na ndani kuna weupe hautoki. Nifanye nini tena?"

Nilipousoma nilijiona mwenyewe miaka minne nyuma, hapa Unguja. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, nakamua maziwa alfajiri, mama mkwe anampa mtoto mchana kwa chupa. Siku moja tukiwa kwenye khitma, wifi yangu akaichukua chupa, akaifungua, akainusa mbele ya watu. "Wewe, mtoto ananyweshwa kwenye uvundo huu?" Hakuna aliyecheka, ila hakuna aliyenitetea pia. Mpaka leo nikimkumbuka alivyokunja uso nasikia joto shavuni. Mimi niliyekuwa nachemsha chupa kila siku ya Mungu!

Nikarudi nyumbani nikazidisha. Nachemsha asubuhi, nachemsha jioni. Nikaona haitoshi, nikasugua ndani kwa stilwaya. Chupa zikawa na ukungu kama kioo cha zamani, na mtoto akaanza kuikataa chuchu. Chupa moja nikaiacha kwenye seredani, maji yakapungua, kitako kikagusa sufuria, ikapinda. Nililia.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa mtaani kwetu anayeuza maziwa ya ng'ombe. Madumu yake ya plastiki yana umri kuliko ndoa yangu, na hayanuki. Nikamuuliza siri yake. Akaniuliza yeye, "Mwanangu, wewe unaanza na maji gani?" Nikamwambia ya moto, bibi. "Basi unayapika hayo maziwa humo humo ndani ya chupa."

Hapo ndipo penye kosa langu, na naamini ndipo penye kosa la dada wa Wete. Maziwa yana protini na mafuta. Protini ikikutana na joto la zaidi ya nyuzi 70 hivi, huganda kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na ikiganda juu ya plastiki inashika. Mafuta nayo hunaswa kwenye ule utando, yanachacha, ndiyo harufu. Sasa ongeza maji yetu ya kisima. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, maji yanatoka na chokaa, kila mtu anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Chokaa ile ile inakaa juu ya utando wa maziwa kila unapochemsha, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo mimi na kuchemsha kwangu mara mbili kwa siku sikuwa nasafisha, nilikuwa napaka lipu.

Tena utando huo unawafunika vijidudu. Kuchemsha ni kazi ya mwisho, chupa ikiwa imekwisha takata.

Basi mtoto akimaliza kunywa, ifungue chupa yote saa ile ile: chuchu kando, kifuniko cha kukazia kando. Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke safi kabisa yasiyo na maziwa. Kama huna nafasi ya kuosha, hata ukiiacha imejaa maji baridi ni afadhali kuliko kuiacha ikauke. Baada ya hapo ndiyo unaleta maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwenye beseni la chupa peke yake, si lile lililooshewa samaki. Tumia brashi laini ya chupa. Stilwaya, mchanga, majivu na kumbi viache kwa sufuria, kwa sababu kila mkwaruzo ndani ya plastiki ni kijishimo cha maziwa ambacho brashi haikifikii.

Na uvundo hauko kwenye chupa tu. Kwangu mimi mwingi ulikuwa kwenye meno ya kifuniko na chini ya ukingo wa chuchu, pale inapokaa kwenye kifuniko. Pindua chuchu nje ndani, isugue, kisha ijaze maji uiminye yatoke kwenye kitundu.

Weupe ukiwa umeshakaa, sabuni haiuwezi, maana ni chokaa. Kamua ndimu moja kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, jaza chupa, iache nusu saa, kisha brashi. Siki nayo inafaa. Suuza mara mbili tatu. Nasisitiza hili la kusuuza: ndimu au siki isikutane na jiki hata kidogo, inatoa gesi inayochoma kifua. Kwa kweli jiki ya nguo mimi siitumii kwa chupa za mtoto. Kuna dawa maalumu za kulowekea chupa, na ukizitumia fuata kipimo cha pakiti.

Sasa chemsha. Tazama kitako cha chupa: pembetatu yenye nambari 5 na herufi PP ni plastiki inayostahimili maji yanayochemka. Kinachoipinda ni chuma cha sufuria, kwa hiyo tandika kitambaa safi chini. Maji yafunike kila kitu, na uinamishe chupa hewa itoke, maana palipobaki hewa hapakuguswa na maji. Yakianza kutokota hesabu dakika 5, epua. Sio 20. Dakika zile za ziada zinakula mkaa, zinaongeza chokaa na kuichosha chuchu. Toa kwa koleo safi, pindua juu ya kitambaa safi, acha vikauke vyenyewe. Usifute kwa kanga, utarudisha ulichokiua.

Kuosha ni kila baada ya kunywa, kuchemsha mara moja kwa siku, hasa mtoto akiwa mchanga sana au alizaliwa njiti. Wanawake wenzangu, tusidanganyane. Wengi wetu tunaruka lile la maji baridi kwa kuwa tumechoka, kisha usiku tunauachia moto utufanyie kazi ya mikono.

Ukitaka kujua imetakata, ikaushe kabisa kisha itazame juani, maana utando hauonekani chupa ikiwa na maji. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa chupa: ikiteleza, bado. Halafu ifunge ikiwa kavu, ilale usiku mmoja, ufungue unuse.

Dada wa Wete nilimpa haya haya. Alizitia ndimu chupa zote tatu, na chupa mbili za kwanza asubuhi hazikuwa na harufu. Ya tatu ilinuka vile vile, akarudia siku ya pili, ikanuka. Nikamwambia aishike juani aizungushe taratibu. Akaniandikia kwamba ndani imejaa michirizi, ni chupa aliyoirithi kwa mtoto wa dada yake, na huko walikuwa wakiisugua kwa mchanga. Hiyo haina dawa. Na chuchu ikianza kunata au kupasuka kwenye kitundu, nayo haina dawa, itupe. Kanunua chupa nyingine, ile ya zamani kaiweka jikoni, anatilia chumvi.