Kabla ya kufunga bembea, tumbukiza kipande cha kamba kwenye maji

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi na kuomba "manila", muuzaji atakukatia kamba yoyote ya plastiki iliyo karibu, ya bluu, ya kijani au ya njano. Jina hilo halikuambii chochote. Kamba zinazopewa jina hilo zinaweza kuwa za malighafi tofauti kabisa, na kwenye bembea tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Omba kipande cha urefu wa kidole. Kizamishe kwenye kikombe cha maji, kikande kwa vidole mpaka mapovu yaishe, kisha kiachie. Kikielea ni polipropilini au polithini. Kikizama ni nailoni au poliesta. Kuzitenganisha hizi mbili, vuta kamba kwa nguvu: nailoni inavutika waziwazi na kurudi, poliesta inavutika kidogo tu. Katani haihitaji kipimo; utaitambua kwa rangi ya majani makavu na nyuzi zinazochoma kiganja.

Sasa chukua bembea ya mtoto wa kilo 30 chini ya mwembe. Usipige hesabu ya kilo 30, maana jioni mjomba wa kilo 70 naye atakaa. Ongeza ubao wa kilo 5, unapata 75. Mtu akiachiwa kutoka pale kamba zinapolala usawa, anapopita chini kabisa mvutano hufika mara tatu ya uzito wake, yaani kilo 225. Kamba ni mbili, lakini akikaa upande au akijizungusha, moja inaweza kubeba karibu mzigo wote. Basi hesabu kana kwamba ni moja. Kisha kumbuka fundo: pale kamba inapojipinda kwa kasi, nguvu yake inaweza kupungua hadi nusu.

Kamba mpya ya katani ya milimita 12 hukatika karibu na kilo 950. Kwenye fundo inabaki kama 475, mara mbili tu ya mzigo wetu, na hapo bado haijanyeshewa. Katani hunywa maji, na mahali ilipozunguka tawi hukauka mwisho. Inaoza kutoka ndani wakati nje bado inaonekana nzima. Polipropilini ya unene huohuo hukatika karibu na kilo 2,000, kwa hiyo ikiwa mpya inatosha. Adui yake ni jua: isipotiwa kinga ya jua kiwandani, nyuzi hukauka, zikaanza kukatika na kuacha unga mkononi. Nailoni ya milimita 12 hukatika karibu na kilo 2,900. Ikilowa hupoteza takriban asilimia 10, na kwenye fundo bado unabaki na zaidi ya mara tano ya mzigo. Pia ndiyo inayovumilia msuguano kuliko hizo nyingine mbili. Kwa bembea, nunua nailoni, hata kama bei inauma.

Itakapokaa juu ya tawi, ipitishe ndani ya kipande cha mpira wa maji, ili gome lisiile kamba na kamba isilikate gome. Funga kitanzi kisichojikaza, tawi lipate nafasi ya kunenepa. Nailoni inateleza, kwa hiyo acha mkia wa sentimita 15 nje ya fundo, na ncha iyeyushe kwa moto isifumuke. Siku za mwanzo ubao utashuka kidogo kwa sababu kamba inajinyoosha; kaza upya.

Kufunga mzigo kwenye pikapu ni jambo jingine, na hapo sifa ya nailoni inageuka kasoro. Inavutika kila gari linaporuka shimo, magunia yanapata nafasi ya kutembea. Polipropilini inatosha kwa safari, ila ni ngumu na fundo lake hufunguka lenyewe kwa mtikisiko, hivyo ongeza fundo la pili. Katani inashika fundo vizuri sana, lakini mvua ikiinyeshea hufupika: inabana maboksi hadi kuyaponda, kisha ikikauka inalegea. Kamba yoyote uliyotumia, simama baada ya kilomita 10 na uikaze.

Kwa kuvuta kwa mikono, kama kupandisha ndoo ya zege kwenye kapi, katani kavu haitelezi kiganjani. Polipropilini ikikimbia mkononi inachoma, na ikisuguana na chuma kwa kasi inayeyuka, kwani huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi. Nailoni ikikatika wakati wa kuvuta gari hurudi kama mjeledi, kwa hiyo asisimame mtu kwenye mstari wake.

Rudi kwenye bembea kila mwezi. Shika kamba sehemu iliyo kwenye tawi, isokote kinyume mpaka ifunguke, uangalie ndani. Ukiona weusi, vumbi au nyuzi fupi zilizokatika, ishushe siku hiyohiyo na uikate vipande vya kufungia kuni, asije mtu akaitundika tena.