Kalenda ya mwaka na kalenda ya kudumu: tarehe zipi bado utazirekebisha kwa mkono

*"Wakuu, nataka kununua saa ya mkononi ya mashine, isiyo ya betri, inayoonyesha siku, tarehe na mwezi. Muuzaji mmoja hapa Posta ana ya kalenda ya mwaka, mwingine ana ya kalenda ya kudumu, bei zimepishana kama ardhi na mbingu. Kwa mwaka mzima nitaigusa mara ngapi?"*

Mkuu, ya kalenda ya mwaka utaigusa mara moja, tarehe 1 Machi. Ya kudumu hutaigusa mpaka 1 Machi 2100, ila kwa sharti kwamba isisimame. Hilo sharti ndilo wauzaji wengi huliruka, nitalirudia chini.

Saa ya kawaida yenye tarehe peke yake huhesabu mpaka 31 kila mwezi, basi mwenye nayo huisogeza mara 5: 1 Machi, 1 Mei, 1 Julai, 1 Oktoba na 1 Desemba. Kalenda ya mwaka, ambayo kampuni ya Patek Philippe iliitoa kwenye saa ya mkononi mwaka 1996, inajua Aprili, Juni, Septemba na Novemba zina siku 30. Isichokijua ni Februari. Mashine za aina ya hiyo ya Patek huichukulia Februari kama mwezi mwingine wa siku 30, ndiyo maana inakwama hapo tu.

Chukua mwaka 2026. Februari 28 ni Jumamosi. Ukiamka Jumapili ya Machi 1, saa itakuonyesha Jumapili, 29, Februari. Tazama vizuri: jina la siku ni sahihi, kilichoharibika ni tarehe na mwezi. Hapa ndipo watu wanapochemka. Anavuta kifundo cha pembeni, anazungusha mishale ipite usiku wa manane mara mbili, tarehe inafika 1 Machi, lakini siku nayo imekimbia mpaka Jumanne. Sasa inabidi uzungushe siku peke yake hatua 5 mbele ili irudi Jumapili, kwa sababu nyingi ya mashine hizi hazirudi nyuma.

Njia sahihi ni kutumia kitufe cha tarehe. Kwenye saa nyingi za aina hii ni kishimo kidogo ubavuni mwa kasha, kinabonyezwa kwa kijiti kinachokuja na boksi. Usitumie pini wala ncha ya kalamu, inateleza na kukwaruza kasha. Bonyeza mara moja, achia, tazama. Usihesabu mibonyezo kichwani, kwa sababu kuna mashine ambazo ukibonyeza kwa mkono tarehe inapitia 30 na 31 kabla ya kufika 1, na nyingine zinaruka. Ukiona 1, acha. Kisha angalia mwezi: kama bado ni Februari, bonyeza kitufe cha mwezi mara moja. Mwaka 2028, ambao ni mrefu, saa hiyohiyo Jumatano ya Machi 1 itaonyesha 30 badala ya 29, kwa hiyo safari ya kufika 1 ni fupi zaidi kwa siku moja.

Muda wa kubonyeza nao una mpaka. Vijitabu vingi vinakataza kati ya 8 usiku na 4 alfajiri, na hapo tahadhari, hizo ni namba za kwenye uso wa saa. Kwetu ni saa 2 usiku mpaka saa 10 alfajiri. Aliyesoma 8 akaielewa kuwa saa nane ya usiku, atakuwa anabonyeza katikati ya hatari akidhani bado mapema. Sababu ni kwamba katika muda huo ulimi wa gia ya kalenda umeshaingia kwenye jino la gurudumu la tarehe na unalisukuma polepole. Ukilisukuma na wewe, ama jino linakatika ama kispringi cha kulishikilia kinapinda. Dalili yake ni namba kubaki nusu ndani ya kidirisha, au tarehe kugoma kabisa siku moja na kuruka mbili kesho yake. Cha salama ni kuleta mishale kwenye 6 kabla hujagusa kitu. Na kama tarehe inabadilika mchana, saa yako imechanganya mchana na usiku, izungushe masaa 12 mbele kwanza.

Ya kudumu inavuka Februari kwa sababu ndani yake kuna gurudumu lenye sehemu 48, moja kwa kila mwezi wa miaka minne, linalozunguka mara moja tu katika miaka hiyo. Wenzo mmoja mwembamba unapima kina cha mkato: mwezi wa siku 31 hauna mkato, wa 30 una mkato wa juujuu, Februari ina wa kina, na mmoja kati ya Februari nne una kina pungufu kidogo kwa ajili ya tarehe 29. Wengine hutumia gurudumu la sehemu 12 na kijigurudumu kidogo cha Februari pembeni, kazi ni ileile. Mwaka 2100 unagawanyika kwa 4 ila si mwaka mrefu, na gurudumu la miaka minne haliwezi kulijua hilo. Mwaka 2000 ulipita salama kwa sababu unagawanyika kwa 400.

Sasa lile sharti. Saa nyingi za mashine zikikaa droo siku tatu zinasimama, na kalenda ya kudumu iliyosimama ina vitu vinne au vitano vya kupanga upya: siku, tarehe, mwezi, mwaka wa mzunguko, wakati mwingine na mwezi wa angani. Mwaka wa mzunguko ndio unaoumiza kimyakimya. 2025 ni 1, 2026 ni 2, 2027 ni 3, 2028 ni 4 au alama ya mwaka mrefu. Ukiukosea leo hutaona kitu mpaka Februari. Zipo pia, kama zile za kampuni ya IWC zilizotokana na kazi ya fundi wao Kurt Klaus ya mwaka 1985, ambazo vyote husogea pamoja kwa kifundo kimoja. Ni raha, lakini zinakwenda mbele tu. Ukipitiliza siku moja, unaisimamisha na kuisubiri kesho. Ukipitiliza mwaka, mpelekee fundi.

Kwa hiyo kama una saa tatu na unabadilishana, mimi ningechukua ya mwaka. Ya kudumu inamfaa anayeivaa kila siku.

Kabla hujalipa, ijaribu palepale dukani. Zipo saa zenye siku, tarehe na mwezi usoni ambazo hazijui mwezi wowote, na zinauzwa kwa jina la kalenda ya mwaka. Mwambie muuzaji mwenyewe aipange 30 Aprili, kisha azungushe mishale mbele mpaka ipite usiku wa manane. Ikitokea 31, hiyo ni saa ya kawaida. Ya kudumu mwambie aiweke 28 Februari, mwaka wa 2: lazima itoke 1 Machi. Akiiweka mwaka wa 4, lazima ipite kwenye 29. Akikataa kuizungusha, mrudishie.