Kumkataa mchumba: kunyamaza au kusema?

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Shangazi aliniunganisha na kijana anayetafuta mke. Baba aliridhia, tumeandikiana wiki tatu na kaka yangu anaona kila ujumbe. Ni mtu wa dini, sijaona ubaya wowote kwake, lakini moyo haukumkubali hata baada ya kuswali istikhara. Rafiki zangu wananiambia niache tu kujibu, ataelewa mwenyewe. Wengine wanasema nimwambie bado nasoma. Sitaki kumuumiza wala kupata dhambi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Kukataa kwenyewe hakuna dhambi, na dalili yake ni kisa cha Barira. Alipoachwa huru kutoka utumwani alipewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye, naye akachagua kuachana. Mughith alimfuata katika njia za Madina akilia mpaka machozi yakamtiririka ndevuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia Barira: lau ungemrudia. Akauliza: unaniamrisha, ewe Mtume wa Allah? Akajibiwa: mimi ninaombea tu. Akasema: basi sina haja naye. Hakukemewa. Kama yeye hakulazimishwa kwa mtu waliyekuwa katika ndoa, na mwombezi akiwa ni Mtume, wewe hulazimiki kwa mtu mliyeandikiana wiki tatu.

Ninaloliogopa mimi ni huo ushauri wa kuacha kujibu. Hafsa binti Umar alipofiwa na mumewe, Khunays bin Hudhafa, baba yake alikwenda kwa Uthman akamwambia: ukitaka nitakuoza Hafsa. Uthman akasema atalifikiria. Zikapita siku chache, wakakutana, akamwambia: nimeona nisioe kwa wakati huu. Umar akamwendea Abubakar kwa maneno yaleyale. Abubakar akanyamaza, hakurudisha neno lolote.

Umar mwenyewe ndiye anayesimulia katika Sahihi Bukhari kwamba alimkasirikia Abubakar kuliko alivyomkasirikia Uthman. Uthman ndiye aliyekataa kwa ulimi wake, lakini aliyemuumiza zaidi ni aliyenyamaza. Abubakar alikuwa na udhuru: alikuwa amemsikia Mtume akimtaja Hafsa na hakutaka kuifichua siri hiyo. Baada ya Mtume kumuoa Hafsa, Abubakar alikutana na Umar akamwambia, huenda ulinikasirikia. Umar akakiri. Hapo Abubakar akamweleza sababu. Tazama basi: kimya cha mtu bora katika umma huu baada ya Mtume, chenye udhuru mzito namna hiyo, bado kiliacha jeraha lililohitaji maelezo. Kimya chako hakina siri ya kulinda, na huyo kijana hatakuwa na wa kumweleza.

Liko na jambo la fiqhi. Bikira akitakwa ruhusa ya kuozwa, Mtume amesema idhini yake ni kunyamaza kwake. Basi katika mambo ya posa, kimya cha binti si lugha ya kukataa. Aghalabu kinasomwa kinyume. Ukinyamaza, yeye anaweza kudhani una haya, shangazi akadhani mambo yanakwenda, na baba akaanza kupanga. Tena imekatazwa mtu kuposa juu ya posa ya nduguye mpaka yule wa kwanza aache au atoe ruhusa. Mtu mwingine mwenye taqwa akisikia una maneno na fulani atajizuia, nawe umekwishamaliza kimoyomoyo bila yeyote kujua.

Utasikia watu wakitaja kauli ya Imam Nawawi, kwamba mwanamume aliyemtazama mwanamke kwa nia ya kumposa asipompenda, anyamaze na asiseme simtaki, kwa kuwa ni kumuudhi. Kauli hiyo ni sahihi, lakini mahali pake ni kabla ya posa kutamkwa, ambapo huenda mwanamke hata hajui kuwa ametazamwa. Hapo hakuna anayesubiri jibu. Kwako yupo anayesubiri, na hukumu inageuka.

Kuhusu “bado nasoma”: kama masomo ndiyo sababu, sema. Kama siyo, ni uongo, na katika jambo hili uongo una ubaya wa pili. Masomo yana mwisho. Utakuwa umemwambia asubiri, naye ni mtu wa dini, atasubiri kweli. Miezi michache baadaye akisikia umeolewa, atajua kwamba alidanganywa, na hapo ndipo huumia mara mbili. Kwa hoja hiyohiyo epuka “labda baadaye” na “tuombeane, tuone”, ikiwa moyoni umeshakata shauri. Unajiona umelainisha neno, kumbe umemwachia tumaini lisilo na msingi.

Usiitumie wala istikhara kama ngao, ukamwambia Allah amekukataza. Istikhara ni kumwomba Mola akuchagulie lenye kheri, kisha unaamua. Uamuzi ni wako, useme kwamba ni wako. Kumwambia kijana mchamungu kuwa Mola wake ndiye aliyemkataa ni kumtwisha mzigo wa wasiwasi usiojua atautua wapi.

Sasa maneno yenyewe. Mke wa Thabit bin Qays alipotaka kuachana naye alimwambia Mtume kwamba hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini. Alitaja mema aliyoyaona kwa kweli, kisha akasema haja yake bila kuizungusha. Fuata njia hiyo. Mjulishe baba kwanza, kisha uandike kaka yako akiona, kwa mfano hivi:

“Assalamu alaykum. Nakushukuru kwa heshima uliyonionyesha na kwa kupitia mlango wa wazazi. Nimefikiri na nimeswali istikhara, na nimeamua kutoendelea na maneno ya ndoa. Sijaona kasoro katika dini yako wala tabia yako. Uamuzi wangu ni wa mwisho, na ni haki yako uujue mapema. Namwomba Allah akuruzuku mke mwema. Mazungumzo yetu yaishie hapa.”

Ule msemo kwamba hujaona kasoro umeandika wewe mwenyewe katika swali lako, ndiyo maana nimeuweka. Asiyeweza kuusema kwa ukweli auondoe, asiubadilishe kwa sifa za uongo.

Anaweza kuuliza kwa nini. Mjibu mara moja: moyo wangu haukuelekea. Hiyo ni sababu kamili. Usianze kumchambulia sura, kipato au namna anavyozungumza, kwa sababu kila sababu utakayoitaja ataiona kama jambo la kurekebisha ili arudi, na zile asizoweza kuzirekebisha zitamkaa moyoni. Akiomba tena, usiandike ujumbe mpya wenye maelezo mapya. Mwachie kaka yako arudie yaleyale. Ukiendelea kujibu kwa huruma, mazungumzo yanafunguka upya, na huyo ndugu hatajua ashike neno lipi.

Siku hiyohiyo mwambie shangazi kwa maneno hayohayo, kijana asije akaambiwa jambo jingine na watu wengine. Kama alikwishatanguliza chochote kwa jina la mahari, kirudishwe chote, maana ndoa haikufungwa. Na yale aliyokueleza kuhusu nafsi yake na familia yake ni amana. Rafiki zako waliokushauri hawana haja ya kuyasikia.

Wallahu a'lam.