Miezi 19 iliyopotea kwenye pensheni yangu

Mwaka niliotimiza miaka 54 nilichapisha taarifa ya michango yangu ya NSSF, nikaiweka mezani pale Tabata pamoja na slipu zangu za zamani za mshahara, zile za karatasi yenye matundu pembeni. Nilikuwa najihesabia miezi 186. Taarifa ilisema 167.

Nilipitisha kalamu mwezi kwa mwezi. Pengo lilikuwa la miezi 19 mfululizo, 2009 hadi 2011, enzi nikifanya kazi kwa mwajiri mmoja Kariakoo. Slipu zake zote zilionyesha makato ya asilimia 10. Pesa ilikatwa kwangu, haikufika kwenye mfuko.

Tofauti ya 167 na 186 si ndogo, kwa sababu katikati yake kuna 180. Mwanachama anayefikisha umri wa kustaafu bila michango ya miezi 180 halipwi pensheni ya kila mwezi. Analipwa mkupuo mmoja, basi. Mimi bado nilikuwa kazini, ningeweza kuivuka 180 polepole, lakini kampuni ilikuwa inapunguza watu na sikutaka kubahatisha.

Wazo langu la kwanza lilikuwa nilipe mwenyewe. Kijana wa dirishani akanizuia: "Mama, wewe ulishalipa. Anayedaiwa ni mwajiri, sehemu yake na yako." Ndivyo sheria ilivyo: mwajiri ndiye anayewasilisha asilimia 20 yote, na akichelewa anaongezewa adhabu. Kazi yangu ilikuwa kuleta ushahidi: slipu, mkataba wa ajira, na barua inayotaja miezi yenyewe, si "miezi kadhaa". Mkaguzi hawezi kumdai mtu "miezi kadhaa".

Nilipokaa na kikokotoo ndipo nilipoona kwa nini madeni ya zamani ndiyo ya kukimbiliwa. Pensheni ya mwaka, kabla ya kutoa ile sehemu inayolipwa kwa mkupuo siku ya kustaafu, ni idadi ya miezi uliyochangia, mara wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka yako mitatu bora ndani ya 10 ya mwisho, kisha unagawanya kwa 580. Mshahara wangu wa sasa ni 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 580: kila mwezi mmoja wa mchango unaniletea kama 24,800 kwa mwaka, maisha yangu yote ya ustaafu.

Sasa angalia. Mwaka 2009 mshahara wangu ulikuwa 400,000, kwa hiyo mchango wa mwezi mmoja ulikuwa 80,000. Mwezi ule wa bei ya zamani unahesabiwa kwa mshahara wa leo. Ndani ya miaka mitatu na kidogo ya kustaafu umerudisha thamani yake. Mwezi wa leo unagharimu 240,000 na unaleta 24,800 ileile, karibu miaka 10 kuurudisha. Kwa hiyo slipu ya 2009 ina faida mara tatu ya ile ya juzi, na watu wanazifungia maandazi.

Kulipa mfukoni kuna mahali pake. Binamu yangu alipunguzwa kazi akiwa na miezi 171, mshahara 1,000,000. Alijiandikisha kuendelea kwa hiari, akaweka 200,000 kila mwezi kwa miezi tisa: 1,800,000 jumla. Kwa miezi 180, hesabu yake inatoa kama 310,000 kwa mwezi kabla ya mkupuo. Hapo sibishani na mtu, lipa.

Ila si kwa mwenye miezi 80 akiwa na umri wa miaka 53. Hadi 60 imebaki miezi 84, hafiki 180 hata asipokosa hata mmoja. Huyo pesa yake aitafutie kazi nyingine. Na anayechangia kiasi kidogo cha hiari kwa muda mrefu aikumbuke ile miaka 10 ya mwisho: mishahara mizuri ya zamani ikitoka nje ya dirisha hilo, wastani unashuka na miezi yote inashuka thamani pamoja nao.

Kwangu mimi ilichukua miezi 11 na safari nyingi za daladala. Bahati yangu mwajiri yule bado alikuwa na duka na mali. Kampuni ikishakufa bila mali, slipu zako zinabaki karatasi tu. Miezi 14 imeingia, nimeona mwenyewe kwenye taarifa: 181 bila kuhesabu ninayochangia sasa. Mitano iliyobaki wino wa slipu umefutika kabisa. Nimeandika benki kuomba taarifa ya akaunti ya 2010, angalau ionyeshe kwamba mshahara uliingia ukiwa umeshakatwa.