Kigasha kinaponywea na kiwiko kinapovimba

Mhusika wangu wa kwanza wa gemu alikuwa mama anayekuna nazi. Ameketi juu ya mbuzi, ameshika kifuu kwa mikono miwili, na kila anapokuna, mkono unajizungusha huku kiwiko kikikunjuka na kujikunja. Ndani ya Blender kila kitu kilipendeza. Nilipomhamisha kwenda kwenye enjini ya gemu, mkono wake karibu na kifundo ulinywea kama kitambaa kinachokamuliwa. Nilipoteza siku mbili nikipaka upya uzito wa mifupa, na uzito haukuwa na kosa lolote. Naandika haya ili wewe unayeanza usizipoteze siku hizo.

Mfupa unapozunguka, kila kipeo cha meshi kilicho karibu na kiungo hupokea amri kutoka kwa mifupa miwili, na uzito wa kila mfupa ndio unaoamua amri yake ina nguvu kiasi gani. Swali ni namna ya kuzichanganya amri hizo. Njia ya zamani, ambayo Maya huiita `Classic Linear`, huchukua wastani wa kawaida:

```
v' = w1*M1*v + w2*M2*v
```

Yaani unakokotoa mahali ambapo kipeo kingekaa kama kingefuata mfupa wa kwanza peke yake, kisha mahali pake kama kingefuata wa pili, halafu unakiweka kati ya sehemu hizo mbili kwenye mstari ulionyooka. Shida iko kwenye huo mstari ulionyooka. Chora duara, weka nukta mbili juu yake, kisha ziunganishe kwa rula. Katikati ya mstari wako iko ndani ya duara, karibu zaidi na kitovu kuliko nukta zote mbili.

Jaribu mwenyewe kabla hujagusa mhusika yeyote. Tengeneza silinda yenye nusu kipenyo cha sm 4, iwekee mifupa miwili, na pale katikati kila mfupa uwe na uzito wa 0.5. Zungusha mfupa wa pili nyuzi 90 kwa mhimili wa urefu wake, kama mtu anayefungua kitasa. Nusu kipenyo cha pale katikati kitazidishwa kwa kosaini ya nusu ya pembe, yaani kosaini ya 45, ambayo ni 0.707. Sm 4 zinakuwa sm 2.83, na eneo la mkato wa mkono linabaki nusu. Ukifika nyuzi 120 nusu kipenyo kinabaki sm 2, na kwenye 180 silinda inajifunga kabisa mithili ya karatasi ya peremende.

Njia ya pili, `Dual Quaternion`, ilielezwa na Ladislav Kavan na wenzake mwaka 2007. Hapa hatuchanganyi sehemu mbili za kipeo, tunachanganya mizunguko yenyewe, na matokeo yake yanabaki kuwa mzunguko halisi. Kipeo kinatembea juu ya tao la duara badala ya kukata njia ya mkato, kwa hiyo silinda yetu inabaki na sm 4 hata ukiizungusha nyuzi 90. Katika Blender unaiwasha kwa kutia alama kwenye `Preserve Volume` ndani ya kirekebishi cha `Armature`. Ndiyo niliyokuwa nimeiwasha tangu siku ya kwanza, bila kujua inafanya nini.

Wengi wakishaona hivyo huiwasha kila mahali. Sasa rudisha silinda, na safari hii ikunje kama kiwiko, nyuzi 90. Pale kwenye ncha ya kiwiko njia ya kwanza inakosea tena vilevile: ncha inazama kutoka sm 4 hadi 2.83, na kiwiko kinakuwa bapa. Njia ya pili inaiacha ncha kwenye sm 4. Lakini usiishie kwenye ncha, tazama kipeo kilicho upande wa nje, sm 4 kutoka kwenye kiungo kuelekea kigasha, chenye uzito wa 0.8 wa kigasha na 0.2 wa mkono wa juu. Kipeo hiki kiko umbali wa sm 5.66 kutoka kwenye kiungo, na njia ya pili inaulinda umbali huo huku ikikizungusha nyuzi 73 hivi badala ya 90. Matokeo yake kinabaki karibu sm 5 kutoka kwenye mhimili wa kigasha, wakati kilitakiwa kuwa sm 4. Huo ndio uvimbe. Ukitazama kwa upande, utadhani limau limefichwa chini ya ngozi ya kiwiko. Kwa wastani wa kawaida, kipeo hichohicho kinatua kwenye sm 4 kamili.

Kwa hiyo njia inayookoa kigasha ndiyo inayovimbisha kiwiko. Unaweza kupunguza uvimbe kwa kuifanya sehemu ya mchanganyiko wa uzito iwe nyembamba, maana kipeo kisichokuwa na uzito wa mkono wa juu hakivimbi. Lakini ukiibana mno, mkunjo unakuwa mkali kama bomba lililovunjwa.

Katika Maya kuna chaguo la `Weight Blended`, ambapo unapaka mwenyewe ni wapi itumike njia ipi. Katika Blender unaweka virekebishi viwili vya `Armature`, cha pili kikiwa kimewashwa `Multi Modifier` na kundi la vipeo. Mimi hupaka kifundo na kigasha upande wa njia ya pili, na viwiko, magoti na vidole upande wa njia ya kwanza. Bega ndilo gumu, kwa sababu linajikunja na kujizungusha kwa pamoja, na sijapata mhusika ambaye bega lake lilikubali njia moja tu.

Kiwiko kilichobaki bapa hurekebishwa kwa `Shape Keys`, yaani maumbo unayoyachonga mwenyewe, yanayowaka kadiri pembe inavyoongezeka. Hapa kuna mtego. Umbo hilo huongezwa kabla mifupa haijafanya kazi, kwa hiyo nalo hupitishwa kwenye wastani uleule unaofinya. Ncha ya kiwiko imepungukiwa na sm 1.17, lakini ukiisogeza sm 1.17 itatoka 0.83 tu. Lazima uisogeze sm 1.66. Na ukibadilisha njia baada ya kuchonga maumbo yote, kila kiwiko kitaharibika upya. Amua njia kwanza, ndipo uchonge.

Na kabla ya yote hayo, ulizia faili lako linakwenda wapi. Kiwango cha faili cha glTF 2.0 kinatumia wastani wa kawaida, na hakina mahali pa kuandika kwamba ulikuwa umetia alama kwenye `Preserve Volume`. Hiyo ndiyo sababu mkono wa yule mama wa nazi ulinywea. Nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo ni kuizima alama hiyo, ili nione ndani ya Blender kile ambacho mchezaji angekiona.

Hatimaye nilimwongezea mifupa miwili ya kuzungusha katika kila kigasha. Wa kwanza unanakili theluthi moja ya mzunguko wa kiganja, wa pili theluthi mbili, kwa `Copy Rotation` katika `Local Space`, kwenye mhimili wa Y pekee, maana Blender huulaza mhimili huo kwa urefu wa mfupa. Nyuzi 90 ziligawanyika kuwa hatua tatu za 30, na kosaini ya 15 ni 0.966. Kigasha chenye kipenyo cha sm 8 kikabaki na sm 7.7 pale kilipobanwa zaidi, kwa njia ileile ya zamani, na kifuu kikazunguka mkononi bila mtu kuona kitu.